Nimemwita fundi mwizi Facebook, sasa wakili wake ananidai milioni tatu

*Assalamu alaikum wakili. Nilimlipa fundi wa makabati ya jikoni arubuni ya shilingi 120,000 kwa M-Pesa. Aliahidi kumaliza kwa wiki tatu, sasa ni miezi mitatu. Nikaandika kwenye kundi la Facebook la watu wa Kilifi, nikamtaja jina: "Nimemlipa 120,000 tangu Machi, hajaleta hata ubao mmoja na simu hashiki. Ni mwizi, ameshaibia wengi hapa mjini. Kwa maoni yangu hafai kupewa kazi na mtu yeyote." Wakili wake ameniandikia nifute, niombe radhi na nilipe milioni tatu ndani ya siku saba, la sivyo kortini. Nilichosema ni kweli, na nimesema ni maoni yangu. Katiba si inatupa uhuru wa kusema? Ana kesi kweli huyu?*

Waalaikum salaam, dada. Kesi anayo, ila si juu ya maneno yote uliyoandika. Ujumbe wako una sentensi tatu na kila moja ina hali yake mbele ya sheria.

Anza na anachopaswa kuthibitisha yeye. Ni kwamba maneno yalimfikia mtu wa tatu, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yanamshusha hadhi machoni mwa watu wenye akili timamu. Umemtaja jina katika kundi lenye wasomaji wengi, hivyo hapo hatahangaika. Kwa kuwa ni kashfa ya maandishi, hahitaji hata kuonyesha kwamba amepoteza kazi au senti moja.

Linalowashangaza wateja wangu ni hili: hatakiwi kuthibitisha kwamba ulisema uongo. Sheria inachukulia kwamba maneno ya kashfa si ya kweli mpaka aliyeyasema athibitishe kwamba ni ya kweli. Mzigo huo ni wako. Kuamini kwa moyo wako wote hakutoshi, na kusema ulisikia kwa watu hakukuokoi, kwa sababu anayerudia kashfa ya mwenzake huhesabiwa ameisema mwenyewe.

Sasa tupime sentensi ya kwanza kwa kipimo hicho. Ulilipa 120,000, ilikuwa Machi, hajaleta ubao, simu hashiki. Haya yote yana ushahidi: ujumbe wa M-Pesa, taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu, mazungumzo yenu ya WhatsApp, orodha ya simu ulizopiga. Chapisha mazungumzo hayo yote, si vipande ulivyovipenda, na wakili wako ayaambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Nimeona watu wakienda kortini na simu mkononi wakidhani hakimu ataitazama tu. Bila cheti, upande wa pili utapinga ushahidi huo usipokelewe. Ukijipanga vizuri, sentensi hii inasimama kwa utetezi wa ukweli, na ukweli ukithibitika kesi juu yake imekwisha, hata kama uliandika kwa hasira.

Sentensi ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Wizi ni kosa la jinai na una viungo vyake. Lazima mali ichukuliwe kwa hila, na bila haki yoyote ya kuidai. Fundi aliyepokea arubuni kwa makubaliano kisha akashindwa kumaliza kazi amevunja mkataba. Hilo ni deni. Huenda alinunua mbao akazitumia kwa mteja mwingine, huenda aliugua, huenda pesa alizila, na yote hayo atayaeleza kizimbani. Usidhani pia kwamba ungeandika "tapeli" ungekuwa salama zaidi. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, kujipatia mali kwa udanganyifu kunahitaji uongo juu ya jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kufanya kazi wiki ijayo, hata isipotimizwa, peke yake haifikii hapo.

Neno hilo moja lina bei pia. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema kwamba kashfa ya maandishi ikihusu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, fidia haiwezi kuwa chini ya shilingi 400,000. Wizi wa kawaida adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu. Maana yake, hakimu akikubali kwamba wasomaji walielewa unamtuhumu kwa kosa la wizi, na ukashindwa kulithibitisha, hata akikuhurumia hawezi kushuka chini ya kiasi hicho. Milioni tatu za kwenye barua ni namba ya wakili, usizilalie macho. Laki nne ndizo za kuogopa. Mimi naona kifungu hiki hakitendi haki. Kinamfunga mikono hakimu, na kinamweka mteja aliyepandwa na hasira juu ya arubuni yake daraja moja na gazeti lililomzulia mtu wizi kwa makusudi.

Je, utetezi wa ukweli unaweza kubeba sentensi hiyo kwa kuegemea ile ya kwanza? Kifungu cha 14 kinaruhusu kitu kama hicho. Ukiwa umetoa tuhuma kadhaa na moja ikashindwa kuthibitika, utetezi hauanguki kwa sababu hiyo pekee, mradi tuhuma iliyoshindwa haimwongezei mtu madhara ya maana juu ya zile zilizothibitika. Ungekosea ukaandika Machi badala ya Aprili, kifungu hicho kingekufunika. Lakini kati ya "amechelewesha kazi yangu" na "ameshaibia wengi" pengo ni kubwa mno. Hao wengi ni nani? Ukiwa na watu watatu walio tayari kuja kuapa kwamba waliingia mtego uleule, na kila mmoja ana risiti yake, tunaongea mengine. Ukiwa na maoni ya watu chini ya ujumbe wako wakisema "hata mimi", huna kitu. Na ukiung'ang'ania utetezi wa ukweli mpaka mwisho wa kesi bila ushahidi, hakimu anaweza kukuongezea fidia kwa sababu umemchafua mara ya pili mbele ya korti.

Sasa njoo kwenye maoni. Maneno "kwa maoni yangu" hayana nguvu yoyote peke yake. Ukiandika "kwa maoni yangu jirani yangu alichoma duka lake", umetaja tukio, na tukio huthibitishwa. Maoni yanayolindwa ni hukumu ambayo msomaji anaona imetoka kwako, imejengwa juu ya mambo ya kweli aliyowekewa mbele yake, juu ya suala linalohusu umma, na ni hukumu ambayo mtu mkweli angeweza kuifikia kutokana na mambo hayo. Si lazima iwe hukumu ya upole, wala hakimu hatakiwi kukubaliana nayo. Kifungu cha 15 kinaongeza kwamba hata kama si kila jambo ulilolitaja limethibitika, utetezi unaweza kusimama juu ya yale yaliyothibitika.

Kwa hiyo sentensi yako ya tatu, "hafai kupewa kazi na mtu yeyote", ina nguvu kuliko unavyodhani. Msomaji ameshaambiwa kuhusu pesa, miezi na simu isiyoshikwa, naye anaweza kupima mwenyewe kama umekaza mno. Ubora wa huduma inayouzwa kwa watu wote ni jambo la umma. Wakili wako anaweza hata kujenga hoja kwamba "mwizi" likisomwa papo hapo baada ya maelezo yale ni tusi la mteja aliyekasirika, yaani maoni, si tuhuma ya jinai. Ningeijenga hoja hiyo. Nisingeweka nyumba yangu rehani juu yake, kwa sababu "ameshaibia wengi" linalofuata linaivunja.

Kinachoua utetezi wa maoni ni nia mbaya, na hapa ndipo wengi huanguka. Fundi akithibitisha kwamba ulichokiandika hukukiamini, au lengo lako kubwa lilikuwa kumwangamiza, ngao inaondoka. Ushahidi wa hilo kwa kawaida hutoka katika simu yake. Kagua ulichomwandikia kabla ya kupeleka ujumbe Facebook. Kama kuna sauti uliyomtumia ukisema utamharibia mji mzima asipate kazi tena, mwambie wakili wako leo, asiisikie kwa mara ya kwanza mahakamani.

Kuhusu Katiba, ni kweli Kifungu cha 33 kinakupa uhuru wa kujieleza. Kifungu hichohicho, katika sehemu ya tatu, kinasema kila anayeutumia uhuru huo ataheshimu haki na sifa za wengine. Uhuru na kizuizi vimewekwa pamoja, na mahakama inapaswa kuvipima kila mara. Imevipima vizuri upande mmoja: mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kosa la jinai la kashfa lililokuwa katika kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu linakwenda kinyume cha Katiba, kwa hoja kwamba aliyechafuliwa ana njia ya kudai fidia na hakuna haja ya kumfunga mtu. Miaka mitatu kabla, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika kesi ya mwandishi Konaté dhidi ya Burkina Faso, ilisema kifungo kwa kashfa kilikiuka uhuru wake wa kujieleza. Kwa hiyo fundi akikutishia polisi kwa kosa hilo la kifungu cha 194, tishio hilo halina mguu wa kusimamia.

Lakini kesi ya fidia nayo inaweza kumnyamazisha mtu. Uingereza, tulikorithi sheria hii, tangu sheria yao ya 2013 mlalamikaji lazima aonyeshe kwanza kwamba sifa yake imepata au huenda ikapata madhara makubwa. Sisi hatuna kizingiti hicho, na naamini tunakihitaji, kwa sababu leo anayelalamikia arubuni yake anaanza kesi akiwa na mzigo wote mgongoni.

Siku saba hizo fanya hivi. Kabla hujagusa chochote, piga picha za skrini za ujumbe wote pamoja na tarehe, maana korti itataka kuona ulichoandika hasa. Kisha hariri: ondoa "ni mwizi, ameshaibia wengi", acha sentensi ya kwanza na ya tatu kama zilivyo, na uongeze mstari unaosema umeyafuta maneno hayo na unayaombea radhi. Kuomba radhi mapema hupunguza fidia. Usiombe radhi kwa ujumbe mzima, kwa sababu utakuwa umekana na yale ya kweli. Wakili wako ajibu barua kwa msimamo huohuo na akatae hizo milioni tatu. Fundi ana miezi kumi na miwili tu tangu siku uliyoandika kufungua kesi.

Na arubuni yako usiiache. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hukumu ya pale kwamba anadaiwa 120,000 utaweza kuitaja hadharani, mradi uieleze kama ilivyoandikwa.