Kosa langu la ln, na jinsi mnavyolirithi

Wiki hii nimesimama maabara mchana kutwa nikiangalia kundi jipya likifanya jaribio lile lile la kupima kasi ya hidrojeni peroksaidi kuvunjika kwa kichocheo cha manganizi dayoksaidi, na grafu tano kati ya kumi na mbili nilizoletewa zilikuwa na kosa langu. Nasema langu kwa sababu nililifanya mimi kabla nyie hamjaijua hata stendi ya Dodoma. Sasa, wadogo zangu, tusikilizane.

1. Muda unaoandikwa ni ule ambao sampuli imeingia kwenye asidi ya salfuriki baridi, si ule mliomaliza kutaitreti huku mkipiga soga.

2. Manganizi dayoksaidi ikae chini kwanza, ndipo mvute maji ya juu kwa pipeti. Punje ikipanda nayo, ndani ya asidi itaendelea kuila peroksaidi, na nukta yenu itadondoka chini ya mstari peke yake kama mtoto aliyeachwa na basi.

3. Logi. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili. Bureti ilinipa namba safi kabisa: mwanzo sentimita za ujazo 24.0 za pamanganeti, dakika ya 5 ni 19.1, ya 10 ni 15.1, ya 15 ni 12.0, ya 20 ni 9.6, na ya 30 ni 6.0. Nilijua kwamba sihitaji kugeuza ujazo kuwa mkolezo. Pamanganeti inayotumika inalingana na peroksaidi iliyobaki, na ile namba ya kuzidishia ikiingia ndani ya ln inakuwa ya kujumlisha tu: inausogeza mstari mzima juu au chini, mteremko haiugusi. Kwa hiyo fomula inabaki hivi, V ikiwa ujazo wa pamanganeti, V₀ ujazo wa mwanzo, t muda, na k kiwango cha kasi tunachokitafuta:

```
ln V = ln V₀ − kt
```

Basi usiku, ripoti inatakiwa asubuhi, nikaazima kikokotoo cha jirani, nikabonyeza `log` badala ya `ln`. Mara sita. Nukta zikapanga foleni vizuri mno, rula ikazigusa zote. Mteremko ukatoka −0.0201, nikaandika k ni 0.0201 kwa dakika, nikagawanya 0.693 kwa hiyo, nikapata nusu-maisha ya dakika 34.5. Jirani yangu alikuwa na 15. Unadhani nilirudi kukagua? Nikaandika aya nzima kueleza kwamba kichocheo cha meza yetu kilikuwa kimechoka. Nilitumia neno "kuchoka" mara tatu.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu hakuitazama hata grafu. Akauliza, "Mwanzo bureti ilisoma ngapi?" Nikasema, "24.0, Mwalimu." "Na dakika ya 15?" "12.0." "Sasa hiyo nusu imekuchukua muda gani?" Darasa zima likanyamaza, halafu mtu wa nyuma akaanza kucheka, na huyo alikuwa jirani yangu mwenye kikokotoo.

Kilichoniponza ni kuamini unyoofu. Logi ya kumi nayo inatoa mstari mnyoofu, kwa sababu ln ni logi hiyo hiyo ikizidishwa kwa 2.303. Kwa hiyo grafu haitakushtaki. Ukishatumia `log`, zidisha mteremko kwa 2.303: 0.0201 inakuwa 0.0463, karibu sawa na mwenye ln aliyetoka 3.178 hadi 1.792 ndani ya dakika 30 akapata 0.0462. Kisha kabla ya kuandika chochote, rudi kwenye jedwali utafute ujazo ulipofika nusu. Hapo ndipo mwongo anapojulikana.

4. Mteremko ni hasi, k ni chanya. Na mkitaka kwa sekunde, gawanyeni kwa 60.

5. Msikimbilie kuacha dakika ya 10. Kipande kifupi cha mkunjo wowote kinaonekana kimenyooka. Hata mmenyuko usio wa oda ya kwanza utawadanganya hapo. Nendeni angalau nusu-maisha mbili. Lakini pia msizitumikie nukta za mwisho kama wafalme: kosa la 0.1 kwenye 24.0 si kitu, kwenye 1.5 linaisukuma ln kwa karibu 0.07.

6. Kuna dada mmoja aliniletea mstari uliovunjika katikati kama kiwiko. Nikahangaika nao, nikakagua logi, nikakagua asidi. Kumbe nukta tatu walizichukua saa mbili asubuhi, wakaenda kula, wakaanza mchanganyiko mpya saa tisa alasiri, Oktoba, chini ya bati la Dodoma, wakaziunganisha. Joto likipanda k nayo inapanda, kwa hiyo ile ilikuwa mistari miwili yenye miteremko miwili. Nimemwambia achore kila mmoja peke yake na aandike kipimajoto kilisoma ngapi. Akajibu, "Shikamoo kaka, kipimajoto kipo wapi?"