Fremu ya sokoni au ya Kihonda? Hesabu ya wakala mwenye milioni 3

SWALI: Nina shilingi milioni 3 nilizopata kwenye mchezo, niko Morogoro. Nataka kufungua uwakala wa M-Pesa, Airtel Money na Halopesa, pamoja na vocha. Nimeona fremu mbili: moja jirani na Soko la Chifu Kingalu, kodi 150,000 kwa mwezi, nyingine Kihonda mtaani, kodi 80,000. Zote wanataka miezi sita. Kuna kaka ananiuzia laini tatu za uwakala kwa 350,000, anasema kwa mtaji huo kamisheni haitapungua 600,000 kwa mwezi. Je, biashara hii inanifaa?

JIBU: Dada yangu, nianze na hiyo 600,000, kwa sababu kila wiki naulizwa swali hili na kila mara kuna "kaka" aliyemtajia mtu kamisheni kwa kuangalia mtaji wake. Floti haizai kamisheni. Muamala ndio unaozaa. Milioni 3 ikikaa kwenye laini kutwa nzima bila mteja inakulipa sifuri, na laki 5 inayozunguka mara sita inakulipa mara sita. Anayekuambia "mtaji kiasi hiki, kamisheni kiasi kile" bila kukuuliza utakaa wapi na wateja wako ni akina nani hajui kazi hii, au anaijua na ana kitu cha kukuuzia.

Chukua fremu ya Kihonda. Ukilipa kodi ya miezi sita, yaani 480,000, na ukatenga kama 320,000 kwa kaunta, simu na leseni, unabaki na 2,200,000. Hapo ndipo wengi wanapokosea mara ya kwanza. Keshi iliyo kwenye droo inahudumia mitandao yote, lakini floti ya M-Pesa haiwezi kumwekea mtu wa Halopesa. Ukiacha milioni 1 ya keshi, kila laini inapata 400,000. Akija mtu kuweka 500,000 kwenye Airtel Money unamrudisha, ingawa kwenye laini zako kwa jumla una 1,200,000. Kwa hiyo usianze na mitandao mitatu kwa usawa. Anza na ile inayotumika zaidi mtaani pale, uipe nguvu, nyingine zifuate.

Sasa kamisheni. Hulipwa kwa viwango vya kiasi cha muamala, na karatasi ya viwango hivyo utaipata kwenye mtandao husika. Isome kabla hujalipa kodi ya fremu. Miamala midogo inalipa vizuri ukilinganisha na pesa inayoila. Mtu anayeweka 700,000 hakuletei mara ishirini ya kamisheni ya anayeweka 35,000, lakini anakumalizia floti mara ishirini. Kwa mfano tu, tuseme muamala wa kawaida Kihonda unakupa wastani wa shilingi 250, na unapata miamala 50 kwa siku. Hiyo ni 12,500 kwa siku, na kwa siku 26 ni 325,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inabakiza 292,500. Toa kodi ya fremu, toa kama 40,000 za luku na nauli za kufuata floti, mkononi ni 172,500. Hayo ni malipo yako ya kukaa hapo mwenyewe kutwa. Ukimweka binti umlipe 150,000, pesa yako yote inafanya kazi kwa ajili ya mshahara wake, na siku akitoa elfu hamsini badala ya elfu tano mwezi huo umekwisha. Kuifikia ile 600,000 kwa wastani huo, baada ya kodi ya zuio na kabla hujalipa chochote kingine, unahitaji zaidi ya miamala 100 kila siku.

Sokoni miamala inaweza kuwa mikubwa zaidi, lakini angalia pesa inaelekea upande gani. Wenye maduka ya jumla huja asubuhi na keshi ya mauzo kuweka ili walipe mzigo Dar. Wawili tu wakishaweka, saa nne laini imekauka na droo imejaa noti. Inabidi ufunge, uende benki au kwa wakala mkuu ukanunue floti, upange foleni, urudi saa tano na nusu. Mtaani ni kinyume chake: watu wanatumiwa pesa na ndugu, wanakuja kutoa, jioni unaishiwa keshi huku floti ipo. Eneo zuri ni lile ambalo wanaoweka na wanaotoa wanakaribiana, maana mteja mmoja anamjazia mwenzake.

Kiasi cha floti kinatokana na tofauti hiyo, si na jumla ya pesa inayopita. Kama kati ya kufungua na muda unaoweza kufika benki watu wanaweka 900,000 na kutoa 300,000 kwenye mtandao mmoja, floti yako inashuka kwa 600,000. Hiyo 600,000 na ziada kidogo ndiyo unayohitaji. Kwa fremu ya sokoni, baada ya kodi ya 900,000 na maandalizi yale yale, unabaki na 1,780,000 kwa laini zote na keshi. Kwa wateja wa aina ile haitoshi, na ningekushauri uiache.

Kihonda nako usilipe bado. Kaa karibu na wakala aliyepo siku ya kawaida, Jumamosi, na siku mishahara inapotoka, ukiwa na daftari. Andika wanaotoa, wanaoweka, na hasa wanaorudishwa na kwa sababu gani, "sina floti" au "sina keshi". Hao wanaorudishwa ndio wateja wako wa kwanza, na sababu yao inakuambia pesa yako uiweke upande upi. Kama hakuna anayerudishwa na mawakala watatu wamekaa wanaangaliana, wewe utakuwa wa nne. Vocha ihesabu kama nyongeza. Wengi sasa wanajinunulia kwenye simu zao.

Na hizo laini tatu usizinunue. Laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo laini ile ni ya kidole cha mtu mwingine hata mkiandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye kidole akienda dukani akasema laini imepotea, anapewa nyingine yenye floti yako ndani, na mtandao hauna sababu ya kukusikiliza wewe. Nimeona watu wakipoteza mtaji wote mchana kweupe kwa njia hii. Wauza laini hao hao ndio wanaofundisha kugawa muamala mmoja vipande vitano ili kamisheni iongezeke. Mitandao inaona, kamisheni inazuiwa na laini inaweza kufungwa.

Nenda na kitambulisho cha NIDA, TIN na leseni ya biashara kwenye duka la mtandao au kwa wakala mkuu anayetambulika, uombe laini kwa jina lako. Inachukua muda, subiri. Na kama tayari umeshampa huyo kaka pesa, weka kila laini kwenye simu, piga *106#, uone imesajiliwa kwa jina la nani kabla hujaingiza hata shilingi moja ya floti.