Mwulize Shangazi: Meseji za Kuchombeza kwa Kiswahili cha Kujifunza

Shikamoo shangazi. Mimi ni Mganda, Kiswahili nimekisomea darasani. Binti mmoja wa Dar aliniambia amekwama na mvua kituoni Mwenge. Nikamwandikia: "Habari za jioni. Ninafikiri kuhusu wewe. Wewe ni mrembo sana." Akajibu "asante" basi. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Sarufi yako ni safi, ila meseji hiyo angeweza kutumiwa binti yeyote, siku yoyote. Yeye kakutajia mvua na kituo, wewe umemrudishia salamu za barua. Ungeanzia hapo hapo alipo: "Pole jamani! Na mimi niko huku, sasa nani akushikie mwavuli?" Hujamsifia, lakini ameshajua unataka kuwa karibu naye, na swali umemwachia alijibu.

Halafu, badala ya "ninafikiri kuhusu wewe", andika "nakuwaza". Yule unayemwandikia akae ndani ya kitenzi: nakuwaza, nimekukumbuka, nakusubiri. Na sifa ya urembo isubiri atume picha, ndipo umwambie "leo umependeza". Hapo atajua umemtazama yeye.

Shangazi, kuna kijana nimemkumbuka mno lakini naona aibu kumwambia waziwazi. Nifanyeje? (Kigali)

Jiite "mwenzio". Waswahili tukitaka kudeka tunajisema kana kwamba ni mtu wa pembeni: "Mwenzio usingizi umegoma leo." Ujumbe unafika, na akitaka kuupokea kama utani, hujaaibika. Ukipenda kumchokoza kidogo, anza na "eti": "Eti siku hizi umehamia wapi, mbona kimya?" Usiyarundike yote kwenye meseji moja, yatasikika ya kukariri.

Naogopa kukosea ngeli, atanicheka.

Ngeli zisikunyime raha. "Kitabu yangu" inasemwa Nairobi kila siku, na watu wanapendana vizuri tu. Kuna mawili ninayotaka uyaangalie kabla ya kutuma. La kwanza ni ile *w* ya kunywa: "twende tukanywe kahawa" ikikosa *w*, umemwalika chooni. La pili ni "nakutaka". Kwa mtu ambaye hamjazoeana linasikika kama unautaka mwili wake, na wengi huacha kujibu hapo hapo. Sema "natamani kukuona" au "nataka tuonane".

Akikusahihisha kwa kicheko na akaendelea kuandika, mshukuru na muulize jingine. Hiyo tayari ni mazungumzo.

Amenijibu "asante kaka". Niendelee?

Kwa Watanzania "kaka" ni neno la heshima pia, kwa hiyo kukuita hivyo mara moja si kukukataa. Mtumie swali moja jepesi la uchokozi. Akirudisha "haya kaka" bila kukuuliza lolote, ameshakujibu kwa upole. Muache.