Jeli ya nanasi kugoma kuganda

"Jeli ya nanasi imelala friji usiku kucha bado maji, jelatini feki?"

Jelatini haina kosa dada, ni nanasi halijapikwa. Lina kimeng'enya kinakatakata protini na jelatini ni protini tupu, papai nalo hivyohivyo. Kuna aliyesema hapa kuwa asidi ya nanasi ndo inazuia kuganda, kapatia nusu, asidi inalegeza kidogo ila mbona jeli ya limao inaganda. Kugandisha nanasi kwenye friza hakusaidii, chemsha vipande dakika kama tano mpaka viive hadi katikati, vipoe ndo uchanganye, au tumia la kopo, lishapikwa. Hiyo iliyoharibika ichemshe yote kisha weka jelatini mpya, ya zamani ishakatika. Ukitaka nanasi bichi gandisha kwa aga-aga badala ya jelatini, inatokana na mwani, siyo protini, nanasi haliiwezi, ila lazima ichemke kweli.