Usitoe namba moja: makadirio ya pointi tatu kwa mnaoanza

Wadogo zangu, nimekaa tena kwenye kikao cha kupanga kazi na nimeona yale yale. Kiongozi wa timu anauliza kuunganisha mfumo wetu na wa malipo kutachukua muda gani. Kijana anafikiri kidogo, anasema "siku sita", na sita inaingia kwenye ratiba. Hakuna aliyemuuliza sita hiyo imebeba nini ndani yake. Naandika haya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuwaona mkikesha wiki ya mwisho kwa kosa lililofanyika siku ya kwanza.

1. Fomula mnaijua, lakini jueni inafaa wapi

```
E  = (O + 4M + P) / 6
SD = (P - O) / 6
```

O ni muda mambo yakinyooka, M ni muda unaoelekea zaidi, P ni muda mambo yakiharibika. E ndiyo kadirio lenu, na SD ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mashaka mliyonayo. Mbinu hii, iitwayo PERT, ilitoka Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1958, kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Kazi nyingi pale hazikuwahi kufanywa na mtu yeyote, kwa hiyo hapakuwa na kumbukumbu za nyuma za kupigia hesabu. Ndiyo maana wakaomba namba tatu badala ya moja.

Kazi mnayoijua vizuri haihitaji haya. Kuandaa seva, kwa mfano, tuseme 4, 5, 6. Fomula inawarudishia 5 ile ile. Faida yake inaonekana pale P inapokuwa mbali na M kuliko O ilivyo, na kazi zenye mashaka karibu zote ziko hivyo. Kazi ya siku sita inaweza kuokoa siku mbili tatu ikienda vizuri sana, lakini ikiharibika inaweza kula mwezi. Upande wa kuchelewa hauna ukuta. Mkisema M peke yake, huo upande mrefu mmeufuta.

2. Anzeni kuuliza P

Hapa ndipo wengi mnapojikwaa, na hapa nitakaa.

Kijana wa "siku sita" aliombwa baadaye atoe pointi tatu. Akasema: O ni 5, M ni 6, P ni 8. Fomula ikatoa 6.2, yeye akaridhika kwamba amefanya PERT. Hakuwa ameifanya. Akili yake ilikuwa imeshajifunga kwenye sita, na alichofanya ni kuongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule. Ukiona P imepita M kwa siku moja au mbili kwenye kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya, jua kwamba hujapewa P. Umepewa M mara tatu.

Tulikaa naye upya, safari hii nikafunika ile sita na kuuliza tofauti. Sikumwuliza "mbaya zaidi ni siku ngapi?" Nilimwuliza: "Kazi hii ikichelewa sana, itakuwa imechelewa kwa sababu gani?" Akanyamaza, kisha zikaanza kutoka moja moja. Maelezo ya kiufundi ya upande wa pili huenda ni ya toleo la zamani. Funguo za kuingilia mazingira yao ya majaribio zinapitia idhini ya watu wa usalama, na hao hawajibu siku hiyo hiyo. Miamala inayokatika katikati hakuna aliyetueleza wanaishughulikiaje. Tukaandika kila sababu na siku inazoweza kula, ndipo tukajumlisha. P ikatoka 27.

Namba hiyo ilimtisha, akataka kuipunguza ili bosi asishtuke. Nikamkatalia. P si siku ya tetemeko la ardhi, lakini pia si siku mbaya ya kistaarabu. Ni muda ambao kazi hiyo ungeifanya mara mia, ungeuvuka mara moja hivi. Baada ya P ndipo tukauliza O, akasema 3, na M tukaiuliza mwisho. Ikabaki 6, na hilo halikunishangaza. Hakuwa amekosea kuhusu siku ya kawaida. Alikuwa amesahau kwamba siku si zote za kawaida.

3. Hesabu yenyewe

Mradi ulikuwa na kazi tatu zinazofuatana, kwa siku za kazi:

- Kuandaa seva: 4, 5, 6. E = 5, SD = 0.33
- Kuhamisha data za wateja: 5, 8, 17. E = 9, SD = 2
- Kuunganisha malipo: 3, 6, 27. E = 9, SD = 4

Jumla ya M ni 19. Jumla ya E ni 23. Siku nne hizo za tofauti ndizo mnazozilipa kwa kukesha.

E hujumlishwa moja kwa moja, SD haijumlishwi hivyo. Mnajumlisha miraba yake, kisha mnatafuta kipeuo cha pili: 0.11 + 4 + 16 = 20.11, na kipeuo chake ni kama 4.5. Mtu akijumlisha SD zenyewe anapata 6.3, yaani anachukulia kwamba kazi zote zitaharibika kwa pamoja.

Sasa mna la kumwambia bosi. Tukichukulia jumla ina umbo la kengele, ahadi ya siku 19 ina nafasi kama moja kati ya tano ya kutimia. Siku 23 ni kama nusu kwa nusu. Ukitaka kulala usingizi, ongeza SD mbili, yaani siku 32. Kwa kazi tatu tu, umbo la kengele ni makisio ya juu juu, kwa hiyo msitoe asilimia zenye desimali.

Angalieni ile miraba tena. Kati ya 20.11, 16 inatoka kwenye malipo peke yake. Kubishana kuhusu seva ni kupoteza muda wa kikao. Sisi tulitenga siku mbili mwanzoni kabisa, kazi yake ikiwa kuomba funguo na kupitisha muamala mmoja wa majaribio. Muamala ulipita, na sababu kubwa mbili kwenye orodha zikafutika. Makadirio mapya ya malipo yakawa 3, 6, 15: E = 7, SD = 2. Mradi ukashuka hadi E ya 21 na SD ya 2.8. Ukiweka na zile siku mbili za majaribio, E inarudi 23 ile ile, lakini tarehe ya usingizi imetoka 32 hadi kama 29.

4. Pale fomula inapowadanganya

Kujumlisha miraba kunadai kazi zisitegemeane. Kama mtu mmoja ndiye anayehamisha data na kuunganisha malipo, akiugua zote mbili zinalala, na mkengeuko halisi ni mkubwa kuliko ule wa karatasi.

La pili ni njia zinazokwenda sambamba. Timu mbili zikiwa na E ya siku 20 kila moja, na kazi inayofuata inazisubiri zote, msiandike 20. Anayechelewa ndiye anayeamua tarehe. Kila moja ikiwa na nusu ya nafasi ya kuwahi, zote kuwahi pamoja ni robo tu. Mkiona mishale miwili au zaidi inaingia kazi moja kwenye mchoro wa mtandao wa mradi, hapo ndipo pa kuongeza siku za akiba, kabla ya kumpa mteja tarehe yoyote.