Kuomba nyaraka za upande wa pili katika usuluhishi wa kimataifa

"Wakili wetu wa Dar anadai barua pepe zote za mkandarasi wa Kifaransa, wao wanasema kila upande ulete zake tu. Nani yuko sahihi?"

Ndugu, ikiwa jopo la wasuluhishi linafuata Kanuni za ushahidi za mwaka 2020 za IBA, chama cha kimataifa cha wanasheria, hakuna aliye sahihi. Kifungu cha 3 kinaruhusu kuomba kundi finyu la nyaraka, mradi zihusike na shauri na ziwe na uzito katika uamuzi. Kwa hiyo andikeni katika Jedwali la Redfern, yaani jedwali la maombi ya nyaraka, pingamizi na uamuzi wa jopo: barua pepe baina ya meneja wa mradi na msambazaji wa nondo, Machi hadi Mei 2023, kuhusu kuchelewa kwa shehena. Elezeni pia kwa nini mnaamini zipo, na ziko mikononi mwao. Wakiamriwa kuzitoa na wasizitoe, bila maelezo ya kuridhisha, jopo laweza kuchukulia kwamba zingewaumiza.