Mizani husema kilo, haisemi kilo za nini

Shikamoo dokta. Mimi ni kuli hapa bandarini Kigoma, nina miaka 31. Juzi kwenye upimaji wa bure nimeambiwa BMI yangu ni 30.4, eti nina kiribatumbo. Kitambi sina hata cha kusingizia. Nipunguze kilo?

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kunitumia vipimo vyote: kilo 88, kimo sentimita 170, kiuno sentimita 81. BMI ni hesabu ya uzito ukilinganishwa na kimo, na waliyokufanyia haina kosa. Huchukuliwa kilo, zikagawanywa kwa kimo cha mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa kimo kilekile:

88 ÷ 1.70 ÷ 1.70 = 30.4

Jibu likifika 25, karatasi inaandika uzito uliozidi. Likifika 30, inaandika kiribatumbo. Sasa itazame tena hesabu hiyo, utafute mahali palipoulizwa kilo 88 ni za kitu gani. Hakuna. Mifupa, misuli, mafuta, maji, hata ugali wa muhogo ulioamka nao tumboni, vyote vimeingia kwenye kapu moja. Mtu anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kwa miaka kumi huota mapaja, mgongo na mabega, na nyama hiyo ni nzito: lita moja ya msuli ina takriban kilo 1.06, lita moja ya mafuta takriban kilo 0.9. Ukisimama kwenye mizani, msuli unahesabiwa kama dhambi.

Kiuno chako ndicho kinachoniambia zaidi. Mafuta yanayoleta kisukari na presha ni yale yanayojipanga ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, na hayo hayawezi kujaa bila kiuno kupanuka. Kipimo chepesi ni hiki: kiuno kisifike nusu ya kimo. Nusu ya 170 ni 85. Wewe uko 81. Presha na sukari uliyonitajia pia ziko sawa. Usipunguze kilo kwa sababu ya karatasi hiyo.

Jambo moja la kuangalia ukirudi kupima presha: mkono wako wa juu ni mnene, na mkanda wa kawaida wa kipimo ukikubana sana husoma juu kuliko ukweli. Omba mkanda mpana. Nimewahi kumwona kijana mvuta nyavu akianzishiwa dawa za presha aliyokuwa nayo kwenye mkanda tu.

Lakini nisije nikawapa kinga wenye vitambi. Wengi wanaofika 30 hapa mjini hawabebi saruji. Wamenenepa kweli, na kwao namba haijakosea. Na ipo hatari nyingine inayokuhusu wewe mwenyewe. Siku utakapoacha ukuli ukafungua duka, ukaendelea kula sahani ileile ya kuli, misuli itayeyuka taratibu na mafuta yatachukua nafasi yake. Mizani inaweza kubaki palepale kwenye 88, na karatasi itaendelea kuandika 30.4 kama ilivyoandika juzi, ilhali mwili ni mwingine kabisa. Wakati huo suruali zako ndizo zitakazotoa habari.

Kuna jamaa mjini ana mizani ya umeme inayosoma asilimia ya mafuta. Je, hiyo ndiyo ya kuamini?

Kwa kiasi. Mizani hiyo haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo kutoka unyayo mmoja hadi mwingine na kupima jinsi unavyozuiwa. Msuli una maji mengi, umeme hupita upesi. Mafuta yana maji kidogo, umeme hukwama. Kwa hiyo ukipima ukiwa umetoka jasho mchana kutwa, mwili uliokauka unasomeka kama mwili wenye mafuta. Ukitaka kuitumia, pima asubuhi, kwenye mizani ileile, kabla ya kula, na ufuatilie mwelekeo wa miezi. Aliyewekewa kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo asiipande.

Daktari, mama yangu yuko Ujiji, ana miaka 74. Mwaka jana aliambiwa BMI ni 28.6, apunguze uzito. Akaacha mawese, akaacha samaki, anakula uji na mboga. Amepungua kilo 6 kwa nusu mwaka, wahudumu wamempongeza, lakini siku hizi kuinuka jamvini lazima ashikwe mkono. Je, ni uzee tu?

Hapana dada yangu, na hapa naomba tuende polepole.

Tuanze na kimo. Unasema alipimwa kilo 66 na sentimita 152, na ni kweli 66 ukigawanya kwa 1.52 mara mbili unapata 28.6. Lakini umeniambia pia kwamba kwenye karatasi zake za kazi za zamani kimo kimeandikwa 159. Mama amefupika sentimita saba. Binadamu hufupika akizeeka: visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hunywea, mgongo hupinda, na kwa wengine pingili zenyewe hubonyea kwa sababu mfupa umekuwa mwepesi. Mwili wake haukuongezeka chochote, ila kigawanyo kimepungua, basi jibu likapanda. Kwa kimo chake cha ujanani, kilo zilezile 66 zingetoa 26.1. Kimo cha zamani nacho si dawa ya kila kitu, ila tofauti hiyo inakuonyesha jinsi alivyoongezewa unene na futi ya ukutani.

Halafu, hata hiyo 26 kwa bibi wa miaka 74 si ya kutisha. Mipaka ya 25 na 30 imewekwa kwa watu wazima wote kwa jumla, haijali umri. Kwa waliovuka miaka 65, tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba wenye 25 hadi 27 hawaishi muda mfupi kuliko wenye 22. Wanaoanza kutia wasiwasi ni wale wanaoshuka chini, kwa sababu akija kuugua hana akiba.

Linalonisumbua zaidi ni zile kilo 6. Kwa mzee, kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili ni alama ya kuulizwa, si ya kupigiwa makofi. Yeye amepoteza 9. Mzee akipungua kwa kula kidogo bila kuutumikisha mwili, hapungui mafuta peke yake. Msuli nao unaondoka, na umri wenyewe tayari ulikuwa unaupunguza. Tena ameacha samaki, chakula kilichokuwa kikiujenga msuli huo. Ukimwangalia vizuri utaona gauni linaning'inia mabegani na mikononi huku tumboni likiwa vilevile. Leo karatasi yake inasoma 26, yaani "amekaribia kuwa sawa", na ndiyo kwanza miguu imeanza kumwisha.

Mpime hivi nyumbani. Chukua kiti cha kawaida, kiegemeze ukutani kisiteleze, akae, akunje mikono kifuani. Asimame wima na kukaa mara tano mfululizo, wewe ukiwa karibu wa kumdaka. Akizidi sekunde 15, au akishindwa bila kutumia mikono, nguvu za miguu zimepungua. Kipimo hicho kinaniambia mengi kuliko namba yoyote ya mizani.

Cha kufanya: mrudishieni migebuka na dagaa, mayai, maharage, kila mlo uwe na kimojawapo, mawese kidogo si adui kwa mtu anayekonda. Kama ana ugonjwa wa figo, muulizeni kwanza daktari wake kuhusu kiasi. Kila siku afanye mazoezi ya kuinuka kitini, aanze na mara chache akishika meza. Na mpelekeni hospitali, kwa sababu mbili. Mosi, msidhani kuwa uji ndio umemkondesha peke yake. Sukari, kifua kikuu na saratani navyo hukondesha wazee kimyakimya. Pili, kufupika zaidi ya sentimita nne ni sababu ya kuuchunguza uti wa mgongo, kwani pingili inaweza kuvunjika bila kuanguka, na mtu akadhani ni maumivu ya mgongo ya kawaida.

Kama namba yenyewe inadanganya hivyo, kwa nini kila zahanati bado wanaiandika?

Kwa sababu inahitaji mizani na futi tu, na nesi mmoja anaweza kupima foleni ya watu mia kabla ya saa sita. Pia haikuundwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota, aliona katika miaka ya 1830 kwamba uzito wa watu wazima huelekea kukua kwa kadiri ya kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Alikuwa akitafuta mtu wa wastani wa taifa zima, hakuwa anatibu. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake wakaipima kwa wanaume zaidi ya 7,400 wa nchi tano, wakaona ni afadhali kuliko hesabu nyingine rahisi, wakaipa jina la sasa. Wanawake hawakuwemo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkoa unanenepa, inafaa. Ukitaka kumchuja nani aitwe kwa vipimo zaidi, inafaa. Ikiwa chini ya 18.5 au juu ya 35, mimi huiamini upesi. Katikati hapo ndipo ninapomtazama mtu mwenyewe kabla ya kumwandikia neno lolote.

Futi ya fundi cherehani sina. Kiuno nitapimaje?

Tafuta kamba isiyovutika. Mtu akupime nayo kuanzia kisigino hadi utosini, ukiwa umesimama ukutani bila viatu, kisha aikate hapo. Ikunje katikati. Papasa ubavuni: tafuta mbavu ya mwisho kwa chini, na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga; zungusha kamba iliyokunjwa katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi, si juu ya kanga wala mkanda. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani (wanaume wa Kibirizi, nawasema ninyi). Ncha zikikutana na kupitana, uko salama upande huo. Zisipofikiana, njoo tupime sukari na presha, hata kama karatasi yako imeandika 23.